Somo: Matofali na slabu ya choo cha shimo cha futi 10

Nachukua shimo la kina cha mita 3 (futi 10) kwa nyumba ya watu 6, kwenye udongo mwekundu kama wa Konde, Pemba. Watu wengi huku huchimba la mraba. Mimi nashauri la duara: udongo unaposukuma, matofali hubanana yenyewe, ilhali ukuta ulionyooka hubonyea katikati.

Kwanza matofali. Upana wa ndani ni mita 1.2 na tofali ni inchi 18 kwa 9 kwa 6, kwa hiyo duara lapimwa katikati ya ukuta: 1.35 × 3.14 = mita 4.24. Tofali na kiungo chake hula sentimita 46 na ushei, basi kozi moja, yaani mstari mmoja wa kuzunguka shimo, ni matofali 9. Kwenda juu, kila kozi ni sentimita 24. Kozi 13 hufika mita 3.12, na hizo sentimita 12 zinazochomoza ndizo zinazozuia maji ya mvua. Jumla ni 117. Nunua 125, mengine huvunjika njiani. Shimo la mraba la upana huohuo lingekula 156.

Chini kabisa mwaga pete ya zege, kisha anza kozi. Viungo vya kusimama viache wazi ili maji yapenye, isipokuwa kozi 2 za juu, ambazo hujazwa mota kabisa. Udongo ukianza kumeguka, toka. Usichimbe peke yako.

Slabu ni mita 1.5 kwa 1.5, unene sentimita 8. Kwa ndoo ya lita 20: saruji 2, mchanga 4, kokoto 8. Saruji hiyo ni mfuko mmoja na kidogo. Pamoja na pete na mota, nunua mifuko 4. Nondo za milimita 8, vipande 10 kila upande, hutoka katika nondo 3 za mita 12. Zikae chini, sentimita 2.5 kutoka kwenye ubao unaomwagiwa zege, kwani huko ndiko slabu hupasukia. Tundu likikata nondo, ongeza vipande pembeni mwake. Mwagia maji siku 7. Ina uzito wa zaidi ya kilo 400, hivyo imwage karibu na shimo.

Maswali

*Fundi, mchanga wa pwani si upo bure?*
Una chumvi, ndugu yangu. Nondo hupata kutu, hufura na kupasua zege kwa chini, usikoona. Ukiona mistari ya rangi ya kutu, slabu hiyo usiikanyage.

*Sisi Makunduchi ni jiwe tupu. Tujenge mpaka chini?*
La, jiwe likiwa zima jengea juu tu, pale penye udongo, hadi lilipo jiwe gumu. Ila jiwe la matumbawe lina nyufa, na maji machafu hukimbilia kisimani hata kama kiko mbali kuliko mita 30.

*Maji yakitokea futi ya 8?*
Simama. Fukia mpaka chini ya shimo pawe mita 1.5 juu ya maji ya masika, wala si ya kiangazi, kisha panua shimo badala ya kwenda chini.