Simu ya Kiingereza: Uliza Kipande, Usiulize Yote

Ana kwa ana Kiingereza chako kinatosha. Unamwona mtu midomo, unaona mkono unaoonyesha mlango, unaona nyusi zinapopanda ukajua hilo lilikuwa swali. Halafu siku moja simu inaita, namba huijui, na sauti inamwaga maneno mbio mbio sikioni. Dakika moja baadaye umeshasema "yesi" mara nane na hujui umekubali nini.

Usijilaumu kupita kiasi, maana simu yenyewe inachangia. Simu ya kawaida ya tangu zamani hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, na kinachotofautisha s na f kwa kiasi kikubwa kiko juu ya hapo. Ndiyo maana hata wenye Kiingereza chao wakitaja jina kwenye simu huongeza "f ya fulani, s ya fulani". Simu nyingi za sasa zina sauti pana zaidi, ila faida hiyo huipati mpaka simu zote mbili na mitandao yote miwili iikubali. Unachoweza kufanya upande wako ni kidogo lakini kinasaidia: zima spika, vaa visikizi, ondoka penye kelele. Kama uko ndani ya basi, usihangaike. Mwambie utampigia baada ya nusu saa, kisha umpigie.

Tatizo kubwa zaidi tunalibeba wenyewe kutoka kwenye Kiswahili. Mtu akikusimulia jambo, unamwitikia "eeh... eeh... ndiyo..." ili ajue uko naye. Hujakubali kitu, unasikiliza tu. Tukihamia Kiingereza, ile "eeh" inageuka "yesi". Aliye upande wa pili hauoni uso wako uliokunjamana, anachosikia ni mteja anayekubali. Mimi niliwahi kuitikia hivyo nikipigiwa na kliniki, nikafika siku ya miadi nikaambiwa nilishakubali ifutwe. Walikuwa sahihi, nilisema "yesi". Tangu hapo naitikia kwa "mm" au "okei" ya taratibu, na "yesi" naiweka akiba kwa swali nililolielewa.

Sasa tuje kwenye kuomba mtu arudie. Wengi wetu tuna silaha moja, "sori?" au "padoni?". Ukisema hivyo, mtu hajui umepoteza nini, kwa hiyo anarudia sentensi yote kwa kasi ileile, na neno lililokuponyoka linakuponyoka tena palepale. Mara ya tatu unaona aibu, unasema "okei". Ukisingizia kwamba laini ni mbaya ndiyo kabisa: ataongeza sauti badala ya kupunguza mwendo, na wewe shida yako haikuwa sauti. Mwambie ukweli: nakusikia vizuri, ila naomba uende polepole, Kiingereza ni lugha yangu ya pili. Sema hivyo mwanzoni kabisa, kabla hujapotea. Akirudi kwenye kasi yake baada ya sentensi mbili, na mara nyingi atarudi, mkumbushe bila kuomba radhi ndefu.

Kinachofanya kazi kuliko "sori" ni kurudisha ulichokipata na kuacha pengo mahali ulipopoteza. Tuseme mapokezi wamepiga. Unasikia: miadi yako... daktari hayupo... tumeisogeza... hapo kitu kama "Chuzdei" au "Thazdei"... kitu kama "thatini" au "thati"... "hafu nain"... sawa?

Usijibu hilo "sawa" la mwisho. Sema, kwa Kiingereza chako hichohicho: "Nimeelewa kwamba miadi imesogezwa. Imesogezwa mpaka siku gani?" Sasa hana sentensi ndefu ya kurudia, ana neno moja tu la kukupa, na neno moja hutamkwa wazi zaidi. Akisema siku na bado huna hakika, mpe chaguo mbili: "Ni siku inayofuata Jumatatu, au inayotangulia Ijumaa?" Hapo hakuna tena kubahatisha matamshi.

Kisha tarehe. Kumi na tatu na thelathini, kumi na tano na hamsini, ni mitego ya kila siku. Vitabu vitakwambia usikilize mkazo ulipo, lakini kwenye simu mbovu ile n ya mwisho humezwa, na mkazo wenyewe huhama kulingana na neno linalofuata. Uliza tarakimu mojamoja: "Moja-tatu, au tatu-sifuri?" Fungua na kalenda, kwa sababu siku na tarehe huchungana. Kama mwezi huo tarehe 13 ni Jumanne, tarehe 30 itakuwa Ijumaa. Akikuambia Jumanne tarehe 30, mmoja wenu amekosea, na umelijua hilo kabla ya kukata simu.

Saa ndiyo inatuponza sisi hasa. "Hafu nain" kwa Mwingereza ni 9:30, yaani nusu saa baada ya tisa yao. Lakini sikio la Kiswahili likipata "nain" linaweza kuandika "saa tisa", na wewe ukafika alasiri kwenye miadi ya asubuhi saa tatu na nusu. Wakati wa simu usitafsiri chochote. Andika 9:30 kama ilivyo, uliza kama ni asubuhi au mchana, tafsiri ukishakata.

Kitu kingine cha kuogopa ni "unaweza" na "huwezi" kwa Kiingereza. Wamarekani hasa huimeza ile t ya mwisho ya kukanusha, kwa hiyo "huwezi kuja na mtoto" na "unaweza kuja na mtoto" vikafanana sana. Hapa kuomba arudie hakusaidii, ataimeza tena. Geuza swali: "Kwa hiyo nije naye, au nimwache nyumbani?" Akijibu kwa kitenzi kingine, umepona.

Majina na namba za kumbukumbu ziombe kwa herufi, na wewe herufi zako zipe maneno: m ya Maiki, n ya Novemba, b ya Bravo, d ya Delta. Si lazima ujue orodha yote ya marubani, neno lolote linalojulikana linafaa. Wengine pia husoma 44 kama "dabo foo", na sifuri huiita "oo". Ukisikia "dabo", subiri tarakimu inayofuata na uiandike mara mbili.

Kabla ya kuaga, chukua zamu ya kusoma wewe: "Naomba nihakikishe. Jumanne tarehe 13, saa 9:30 asubuhi, nije na barua ya daktari. Kuna nililokosea?" Malizia na swali hilo badala ya "sawa?", kwa kuwa "sawa?" huvuta jibu la "sawa" hata kwa mtu ambaye hakukusikiliza. Halafu omba atume yaleyale kwa ujumbe wa simu au barua pepe. Ombi hilo ni la kawaida, hakuna atakayelishangaa. Ujumbe ukija na tarehe tofauti na uliyoandika, piga palepale, kabla aliyeongea nawe hajasahau.