SOMO: Mtihani wa mazungumzo kwa wageni wanaojifunza Kiswahili

Kila muhula ukikaribia kwisha naulizwa lilelile: mtihani wa mazungumzo nauandaaje na alama natoaje? Sasa naliandika jibu hapa mara moja. Mfano ni wanafunzi wa kozi ya kwanza: wanajitambulisha, wananunua vitu, wanasimulia walichofanya jana. Dakika nane kwa kila mmoja.

1. Orodhesha mliyosoma. Ambalo hukulifundisha usiliulize.

2. Andaa kadi nne zenye uzito mmoja. Kila kadi iwe na swali la mambo ya kila siku, swali la wakati uliopita, na jambo moja ambalo mtahiniwa ndiye anayeuliza. Kadi ya sokoni: "Kwa kawaida unanunua nini sokoni?", "Simulia mara ya mwisho ulipokwenda sokoni," halafu "Mimi ni muuzaji, uliza bei uombe nikupunguzie." Kadi ya usafiri ifuate mpangilio huohuo. Ukiuliza "Unapenda Zanzibar?" utajibiwa "ndiyo", na huna cha kupima. Ukiuliza maoni kuhusu mahari, asiye na maoni hata kwa lugha ya kwao atanyamaza, nawe utadhani hajui Kiswahili.

3. Vipengele vinne, kila kimoja 0 hadi 3: kueleweka, sarufi, msamiati, kuitikia. Jumla 12. Maana ya kila alama iandikwe kabla. Kwenye sarufi, 3 ni makosa ya hapa na pale. 2 ni ngeli au nyakati kumshinda, si zote mbili. 1 zote zinamshinda. 0 hakuna sentensi. Mtu akizungumza hivi mwanzo hadi mwisho: "Kitabu yangu imepotea jana, nimetafuta nyumba yote," sarufi apate 1. Lakini umemwelewa bila taabu, basi kueleweka ni 3. Kosa moja lisiadhibiwe mara mbili.

4. Msaada. Hapa ndipo mitihani mingi huharibika, wa kwangu ukiwemo. Mtahiniwa anakwama, unamwonea huruma, unamdokezea neno. Anayefuata amekuchosha, humdokezei. Alama zitatofautiana, na tofauti imetoka kwako. Kwa hiyo msaada nao uandikwe kwenye kadi, kwa ngazi. Kwanza kaa kimya, hesabu moyoni hadi tano. Kisha rudia swali kwa maneno yaleyale, bila kukata alama, maana huenda hakusikia. Akikwama bado, soma swali jepesi lililoandikwa chini yake: "Jana ulinunua matunda au mboga?" Akihitaji hilo, kuitikia hakupiti 2. Likishindikana, nenda swali linalofuata.
ONYO: usimmalizie sentensi. ONYO: usiseme "safi!" baada ya jibu. Usipolisema kwenye jibu la pili, atajua amekosea na woga utaanza upya.

5. Woga. Dakika ya kwanza ni salamu na mazungumzo ya kawaida, bila alama, naye aambiwe hivyo. Keti pembeni mwa meza, si ana kwa ana kama polisi. Kalamu yako iandike muda wote; ikiinuka anapokosea tu, ataanza kuitazama kalamu badala ya kuzungumza.

6. Akitoka, toa alama kabla hujamwita mwingine.

MASWALI

Kijana wa Kisima: Mkuu, sarufi ina alama ngapi?
— Hatua ya 3.

Kijana wa Kisima: Nimeiona. Ila kwangu sarufi ningeipa nusu ya alama zote.
— Mpe. Ila usiuite mtihani wa mazungumzo; hiyo sarufi waandikie karatasi, itakuokolea muda.

Bi Mwanaidi: Shikamoo mwalimu. Nina mwanafunzi mwenye kigugumizi. Kipengele cha kuitikia kitamwonea?
— Marahaba bibi. Kitamwonea ukipima kasi. Kwake ile hesabu ya tano iondoe, mwongezee dakika, wala usimsaidie neno alilokwisha kulianza. Kuitikia maana yake jibu limelingana na swali, hata likichelewa. Muulize faraghani siku moja kabla angependa mfanyeje. Wengine hupenda kuingia wa kwanza ili wasikae wakisubiri.

Mzee wa Chaki: Wa kwanza akitoka anawapa wenzake maswali yote. Tufanyeje?
— Kadi nne, kila anayeingia aokote yake bila kuiona. Na kujua swali hakumfundishi mtu kupatanisha ngeli. Atakayekariri jibu zima, mkatize kwa "Kwa nini?", utasikia kariri inapokatikia.

Fundi Lugha: Niko peke yangu, sina mtahini wa pili. Nitajuaje sijabadilika kufikia jioni?
— Swali zuri. Omba ruhusa yao, rekodi kwa simu. Ukimaliza wote, sikiliza tena watatu wa kwanza bila kuangalia alama ulizowapa, uwape upya. Zikipishana zaidi ya moja kwenye kipengele, rudia wa asubuhi wote.

Bi Mwanaidi: Simu yangu ilikatisha rekodi ilipopigwa.
— Iweke kwenye hali ya ndege. Na kila rekodi ianze kwa wewe kutaja namba ya mtahiniwa na kadi, la sivyo usiku utabahatisha sauti ni ya nani.