Somo: Kuwaonjesha wateja wanane ladha mpya za juisi, hatua kwa hatua

Wakuu, habari zenu. Wenye viwanda vidogo vya juisi wananiuliza swali hilohilo karibu kila wiki: "Niliwaonjesha watu, wote wakasema nzuri, nimezalisha na haziuziki. Nimekosea wapi?" Naandika mara moja. Nikiulizwa tena nitaelekeza hapa.

Mfano wangu ni kiwanda kidogo cha Morogoro chenye ladha nne: embe-pasheni, nanasi-tangawizi, ukwaju na rozela.

Hatua ya 1. Andika swali moja unalotaka lijibiwe. Letu lilikuwa: ni kitu gani kitamfanya mnunuzi asimalize chupa hii?

Hatua ya 2. Tafuta wanunuzi halisi, waliotoa pesa yao kununua juisi ya chupa ndani ya siku saba zilizopita. Wasiwe ndugu, wafanyakazi, wauza juisi, wala marafiki wawili wanaokuja pamoja. Alika kumi ili wafike wanane. Ukiwapigia, uliza kuhusu mzio na kisukari. Mwenye mafua siku hiyo asionje.

Hatua ya 3. Chumba kitulivu, mbali na jiko. Kinasa sauti kiwashwe kwa ridhaa ya kila mmoja.

Hatua ya 4. Juisi zote zitoke friji moja, kwa wakati mmoja. Ubaridi hufifisha utamu, kwa hiyo iliyoanza kupoteza baridi itaonekana imezidi sukari kumbe ni ileile. Tumia vikombe vinavyofanana, mililita 50 kila kimoja, vyenye namba za tarakimu tatu zisizo na maana yoyote. Ukiandika A, B, C, watu wataanza kuipendelea A.

Hatua ya 5. Mpangilio wa kuonja. Hapa ndipo nilipoharibu, someni taratibu. Nilipoanza kazi hii niliwapa wote wanane nanasi-tangawizi kwanza, kisha embe-pasheni. Karibu wote wakasema embe "imepooza", "kama imeongezwa maji". Niliandika hivyo kwenye ripoti, mwenye kiwanda akaongeza sukari, na ilipofika dukani wateja wakalalamika kwamba inakinai. Niliporudia rekodi ndipo nikaelewa: lawama ilikuwa ya nafasi ya pili, haikuwa ya embe. Muwasho wa tangawizi ulikuwa bado mdomoni, na chochote ambacho kingefuata kingeonekana chepesi. Kikundi kilichofuata nilikipa embe kwanza, na neno "imepooza" halikutajwa hata mara moja. Zile pesa za sukari na lebo hazikurudi, na kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo kila mtu anakuwa na mpangilio wake. Kwa ladha nne, huu unatosha:

```
Mshiriki 1 na 5:  417  682  836  295
Mshiriki 2 na 6:  682  295  417  836
Mshiriki 3 na 7:  295  836  682  417
Mshiriki 4 na 8:  836  417  295  682
```

Ukiuangalia vizuri, kila ladha inakaa kila nafasi mara sawa, na kila ladha inatanguliwa na kila nyingine mara sawa. Kama tangawizi ni 682, itawaathiri watu wawili tu kwa kila ladha inayoifuata. Kati ya kikombe na kikombe wanywe maji, wale kipande cha mkate mweupe usio na siagi, wasubiri dakika mbili. Baada ya tangawizi wasubiri mpaka muwasho uishe kabisa. Na usichanganye vikombe mezani! Weka kila sinia tayari kabla watu hawajaingia.

Hatua ya 6. Waandike kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo: nini kimewapendeza, nini kimewakera, wangemaliza chupa au la. Mtu mzima akitangulia kusema "hii mbaya", wadogo hawatambishia mbele za watu. Asiye na raha na kuandika, msaidizi akae naye pembeni amwandikie.

Hatua ya 7. Mjadala wa saa moja. Anza na aliye kimya. Kazi yako kubwa ni kuchimba maana ya maneno. Kwenye ukwaju, watu watano walisema ni "kali". Tulipowauliza kali vipi, watatu walimaanisha uchachu unaokata kiu, na wawili walidhani imeanza kuchacha. Hayo ni mambo mawili tofauti. La kwanza liache kama lilivyo. La pili linatibika kwa kuitaja ladha wazi kwenye lebo, kabla hujagusa mapishi.

Hatua ya 8. Wape nauli na ahsante yao, na kila mmoja aondoke na chupa nzima. Wapigie baada ya siku mbili, uulize kiasi kilichobaki.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, mimi nina wafanyakazi wanane, si naweza kuwatumia haohao?
Jibu: Hatua ya 2.

Swali: Wangu watano kati ya wanane wamechagua rozela. Naandika asilimia 62 kwenye andiko la mkopo, sawa?
Jibu: Si sawa. Mtu mmoja akibadili mawazo, asilimia yako inaruka kwa zaidi ya 12. Wanane wanakupa sababu na maneno, hawakupi kipimo cha soko. Ukitaka hesabu, onjesha watu mia na zaidi, mmoja mmoja.

Swali: Nimesoma sehemu kwamba kikundi ni watu sita hadi kumi. Hii wanane umeitoa wapi?
Jibu: Sijapinga sita wala kumi. Mipangilio ipo minne, na kila mmoja nautaka kwa watu wawili, ndiyo wanane. Ukiwa na ladha tatu, mipangilio ni sita, kwa hiyo watu sita wanafaa, mmoja kwa kila mpangilio.

Swali: Samahani mwalimu, kuna kitu kinanisumbua. Embe yangu inashinda kila nikionjesha, lakini watu wananiambia chupa nzima hawaimalizi. Inawezekanaje?
Jibu: Swali zuri sana, na ndiyo sababu ya hatua ya 8. Funda moja linapendelea kitu kitamu zaidi. Chupa nzima inauchosha ulimi. Mwaka 1985 kampuni ya Koka-Kola ilibadili mapishi yake huko Marekani baada ya kuonjesha watu karibu 200,000, ambao wengi waliipenda mpya iliyokuwa tamu zaidi. Siku 79 baadaye ililazimika kurudisha ile ya zamani. Utamu haukuwa sababu pekee, maana watu walikuwa wamekizoea na kukipenda kinywaji chao, lakini kikombe kidogo hakikuweza kuonyesha lolote kati ya hayo. Jaribu hivi: tengeneza embe yenye sukari pungufu kidogo, wape watu chupa moja ya kila aina wapeleke nyumbani siku tofauti, kisha uliza kiasi kilichobaki. Usiulize kama wameipenda.

Swali: Rozela ni nyekundu sana, watu wanaijua kabla ya kuonja. Niifiche?
Jibu: Mara ya kwanza ficha: kikombe kisichopenya mwanga, kifuniko na mrija. Baadaye waonyeshe rangi, waulize kilichobadilika.

Mdau wa Tanga: Mimi badala ya mkate nilitumia biskuti za chumvi, ukwaju ukaonekana mtamu ajabu.
Jibu: Ni ile chumvi, inabadili ladha ya kinachofuata. Mkate nao onja kwanza wewe mwenyewe, maana baadhi ya mikate ya dukani ina sukari nyingi. Nikiukosa wa kawaida natumia wali mweupe uliopoa, kijiko kimoja.