SOMO: Umetumiwa faili halina CRS, jinsi ya kuijua kwa kuangalia namba zake na kulirekebisha kwenye QGIS

Wakuu habari zenu. Kuna hili jambo linasumbua watu wengi, mtu anakutumia faili la viwanja au barabara, ukilifungua QGIS linakuja na alama ya kuuliza pembeni ya jina la leya, ukiweka ramani ya chini unaona viwanja haviko popote. Mara nyingi aliyekutumia kakopi .shp, .shx na .dbf akaisahau .prj, na hiyo .prj ndiyo inayosema namba ni za mfumo gani wa koodineti, yaani CRS. Ila namba zenyewe zipo na zinaongea, ukijua kuzisoma.

Nitatumia kisa kimoja nilichokutana nacho, faili la viwanja na barabara zake. Nilichoambiwa ni kwamba eneo liko kusini mwa ikweta, longitudo 39 na ushee mashariki, basi.

1. Soma namba kwanza, usiguse kitu

Bonyeza leya mara mbili, nenda `Information`, tafuta mstari wa `Extent`. Mimi nilikuta hivi:

```
527412.3,9246905.8 : 529860.1,9249377.4
```

Namba mbili za kwanza ni kona ya kusini magharibi, mbili za mwisho ni kona ya kaskazini mashariki. Sasa tuzisome. Zingekuwa digrii, X isingezidi 180 wala Y isingezidi 90, kwa hiyo hizi ni mita. Zingekuwa Web Mercator, ile ya ramani za mtandaoni, sehemu hii ingesomeka X kama 4369000 na Y ingekuwa hasi, kama -758000, maana Web Mercator inahesabu kutoka ikweta na kusini kote ni hasi. Sasa X yangu ina tarakimu sita na inazungukia 500000, Y ina tarakimu saba na inaanza na 9. Hiyo ni UTM ya kusini moja kwa moja. UTM inaupa mstari wa katikati wa kila zoni X ya 500000, na upande wa kusini ikweta inapewa Y ya 10000000 halafu unapunguza kadri unavyoshuka, ndio maana tuko milioni 9 na kitu. Toa 9248000 kwenye milioni kumi unabaki na kama kilomita 752 kusini ya ikweta, karibu digrii 6.8. Inaingia akilini.

2. Zoni haimo kwenye namba, usiitafute humo

Hapa ndipo wengi wanapotea. Zoni zote 60 zinatumia namba zilezile, kwa hiyo 528000 iko zoni 36, iko 37, iko kila mahali. Zoni unaipata kwa kujua eneo lenyewe: longitudo jumlisha 180, gawanya kwa 6, chukua namba nzima uongeze 1. Kwa 39.25 unapata 36.5, namba nzima 36, ongeza 1 ni 37. Kodi za UTM ya WGS 84 ni rahisi kukumbuka, 327 ni kusini, 326 ni kaskazini, halafu zoni inafuata. Yangu ikawa `EPSG:32737`.

Ukikosea zoni utaona mara moja, ukiweka 32736 viwanja vinahamia magharibi zaidi ya kilomita 660. Ukiweka ya kaskazini, 32637, vinapaa mpaka karibu na ncha ya dunia.

3. Ipe leya CRS yake

Bonyeza kulia kwenye leya, `Layer CRS` > `Set Layer CRS...`, andika kodi, OK. Hii haibadilishi namba hata moja, inaipa leya jina la mfumo tu. Kisha kwenye `Browser` fungua `XYZ Tiles`, vuta OpenStreetMap au picha ya satelaiti uiweke chini.

4. Usishangilie bado, angalia datamu

Viwanja vyangu viliangukia mtaa sahihi nikajua nimemaliza. Nilipovuta karibu, barabara za kwenye faili zilikuwa zinapita juu ya mapaa ya nyumba. Nikachukua kifaa cha `Measure Line` nikapima njia panda moja kona ya kaskazini na nyingine kona ya kusini, zote mbili zimesogea kaskazini kama mita 300 na magharibi karibu 100. Upande uleule, umbali uleule. Makosa ya mpimaji yanatawanyika huku na huku, hayawezi kujipanga hivyo, kwa hiyo hapo ni datamu, yaani umbo la dunia ambalo mfumo unalitumia kama msingi wa kuhesabia. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zimechorwa kwa Arc 1960, na tofauti yake na WGS 84 huku kwetu ndiyo hiyohiyo. Nikarudi hatua ya 3 nikaweka `EPSG:21037`, ambayo ni Arc 1960 / UTM zone 37S, QGIS ikauliza njia ya kubadilisha nikachagua inayotaja eneo langu, barabara zikakaa. Usitegemee sentimita hapa lakini, mabadiliko ya Arc 1960 yanaweza kubaki na tofauti ya mita kadhaa.

5. Hifadhi

Hatua ya 3 inakaa ndani ya mradi wako tu, faili lenyewe bado halina .prj, ukimtumia mwenzako anaanza upya kama wewe. Ukitaka libaki Arc 1960, Processing ina `Define Shapefile projection`, itaandika .prj. Ukilitaka kwenye WGS 84, `Export` > `Save Features As...` kisha chagua 32737, hapo sasa namba zinabadilika kweli. Mpangilio ni huo huo, unalitambulisha kwanza ndio unalibadilisha.

MASWALI

Mkuu mimi sijaona alama ya kuuliza kabisa, leya inasema EPSG:4326 ila extent ni malaki, inakuwaje?
QGIS yako imewekwa ijaze yenyewe. Nenda `Settings` > `Options` > `CRS Handling`, kwa leya isiyo na CRS chagua `Leave as unknown CRS`. Hiyo 4326 uliyoiona ni ya kubambikiwa, digrii haziwezi kufika malaki. Kama ulishaiexpoti kwenda CRS nyingine ikiwa na hiyo 4326, hilo faili jipya lifute urudi kwenye la mwanzo, namba zake zimeshaharibika.

Mwalimu asante, mimi zangu ni digrii, X ni -6.80 na Y ni 39.25, pointi zinaenda Hispania
Dada hapo CRS iko sawa, ila X na Y zimebadilishana nafasi, latitudo imeingia kwenye X. Processing andika `Swap X and Y coordinates`, inamaliza. Kama ni CSV, iingize upya ubadilishe tu safu za X na Y.

Faili la drafti nimepewa na mchoraji, X ni 1240 na Y ni 860, nimejaribu kodi kama ishirini hivi
Acha kujaribu kaka, hiyo ni namba ya kienyeji, kaanzia sifuri pale alipotaka yeye, hakuna kodi itakayoikubali. Muombe koodineti halisi za angalau pointi nne anazozijua kwenye mchoro, zilizosambaa kona zote, kisha tumia `Georeferencer`, kuanzia QGIS 3.26 inapokea na vekta. Na muulize vipimo vyake ni mita au futi, maana wa kwangu mmoja alichora kwa milimita na X ikaja na tarakimu tisa, hiyo niliitibu kwa `Affine transform` kwa kuweka 0.001 kwenye skeli ya X na ya Y.