Unaenda Istanbul kwa mara ya kwanza? Anza na "var" na "yok"

Kabla hujaenda Istanbul kufuata mzigo wa nguo Laleli au Merter, jifunze maneno mawili ya Kituruki. "Var" ni ipo, "yok" ni haipo. Ongeza "mi" upate swali: "Oda var mi?" Kuna chumba? Jibu la yok mara nyingi halitamkwi. Muuzaji huinua nyusi na kichwa kidogo, pengine akipiga ulimi "nts". Usidhani amekubali.

Mabasi ya mjini hulipiwa kwa kadi ya Istanbulkart, inayouzwa kwenye mashine vituoni, kwa hiyo inunue kabla hujaanza kuzunguka. Kushuka, unabonyeza kitufe karibu na mlango. Dolmush, yaani vibasi vidogo, ni kama daladala zetu: nauli hupitishwa mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na badala ya "shusha" unasema "Inejek var," yupo anayeshuka. Mzee akiingia, mpishe kiti.

Hotelini angalia saa. "Saat" ni saa na "dakika" ni dakika ileile, ila wao huhesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiambiwa uondoke chumbani "saat on iki", kumi na mbili, ni saa sita yetu ya mchana. Maji ya moto yakikosekana, sema "Sijak su yok." Mimi nilifika Januari na sweta moja jepesi, na usiku huo sentensi hiyo ndiyo iliyonipatia chumba kingine. Beba koti zito, na adapta pia, maana soketi zao ni za pini mbili za duara.

Duka la dawa nitalieleza zaidi, kwa sababu hapo kukosea kunaumiza. Kibao chake kina herufi E nyekundu na neno ECZANE, linalosomwa "ejzane". Usiku mengi hufungwa, lakini kila eneo lina la zamu, "nobetchi ejzane", na jina lake hubandikwa kwenye kioo cha yale yaliyofungwa. Tuseme kichwa kinauma na una mzio wa penisilini. Sema "Bashim aariyor," kichwa kinaniuma, kisha "Penisilin alerjim var." Parasetamol wanaiita hivyohivyo. Ukipewa dawa, uliza "Gunde kach kere?" Mara ngapi kwa siku? "Ach" ni tumbo tupu, "tok" ni baada ya kula. Antibayotiki hupewi bila cheti cha daktari, kwa hiyo dawa unazotumia kila siku zibebe kwenye boksi lake pamoja na cheti, ndani ya begi la mkononi.

Mfamasia akikuaga atasema "Gechmish olsun," ndiyo ugua pole yao. Mjibu "Teshekkur ederim," asante. Na ukimkuta mtu yeyote kazini, hata mfagiaji wa barabara, mwambie "Kolay gelsin." Ni pole na kazi yetu kabisa, na utaona anavyokuinulia uso.