Ramani ya hoja kutoka noti za semina: mfano wa Mbiti kuhusu wakati

Juzi nilikuwa namsaidia mwanafunzi wa mwaka wa pili kujiandaa na mtihani wa falsafa na dini za Kiafrika. Noti zake za semina zilisema hivi: "Mbiti: hakuna wakati ujao. Gyekye anapinga, Akan." Swali likisema "jadili", mistari hiyo haimfikishi mtu popote. Kinachosaidia ni ramani ya hoja: mchoro wenye hitimisho juu, sababu kwenye visanduku chini yake, na mishale inayoonyesha kipi kinaunga mkono au kupinga kipi.

1. Hitimisho. Liandike juu ya karatasi kwa sentensi kamili: "Katika fikra za jadi za Kiafrika, wakati ujao wa mbali haupo." Tumia penseli. Programu za kuchorea zinakula jioni nzima kwenye rangi na maumbo.

2. Sababu. Katika kitabu chake cha mwaka 1969, John Mbiti, mwanafalsafa na mwanateolojia wa Kenya, alichunguza vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, akasema njeo za lugha hizo, yaani maumbo ya kitenzi yanayoonyesha wakati, zikitaja wakati ujao hazivuki takriban miaka 2. Hicho ni kisanduku kimoja, na mshale wake unapanda kwenye hitimisho.

3. Sababu zilizojificha. Kutoka vitenzi vya lugha mbili hadi fikra za bara zima kuna mruko mkubwa. Ujaze kwa visanduku viwili vya nukta nukta: (a) "jambo lisilo na njeo halimo katika fikra", (b) "lugha hizi zinawakilisha Afrika nzima."

4. Pingamizi linapiga wapi? Hapa ndipo watu hukwama, maana neno "anapinga" halionyeshi shabaha. Jiulize: nikilikubali pingamizi hili, nifute kisanduku kipi?

Kwame Gyekye, mwanafalsafa wa Ghana, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alileta ushahidi kwamba Waakan wa Ghana wana dhana ya wakati ujao wa mbali. Je, hilo linafuta ushahidi wa Kikamba? Hapana, Mbiti anaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu Kikamba. Kinachofutika ni (b). Hitimisho la Afrika nzima linaanguka, lakini dai dogo kuhusu Wakamba linabaki limesimama, na ukiliandika hilo waziwazi umeshajadili.

Sasa chukua Kimandarini, lugha isiyo na njeo za vitenzi, ilhali wazungumzaji wake wanapanga mambo ya miaka mingi mbele. Hilo linapiga (a), na likifaulu hata dai la Wakamba linayumba.

Mwenzako akisema, "Mbona wakulima wanapanda miti kwa ajili ya wajukuu?", anapiga hitimisho moja kwa moja. Usiishie hapo. Mbiti anakubali kwamba mambo yanayofuata mwendo wa maumbile, kama misimu, yana nafasi katika wakati. Chora jibu hilo chini ya pingamizi, kisha uamue kama mti wa mjukuu unaingia humo. Mimi naona hauingii, kwa sababu kumpandia mjukuu ambaye hajazaliwa ni mpango, si msimu.

Kila pingamizi liandike na mwenyewe: mwandishi, mwalimu au mwanasemina. Kama noti hazisemi, acha jina wazi. Usimbambikie Gyekye wazo la jirani yako.

5. Funika karatasi, chora upya. Kisanduku unachokisahau mara nyingi ni (a).