Kalenda ya video za mapishi: wiki 10 za uhakika, 3 za kujaribu

Ukipanga video za robo mwaka, yaani wiki 13, usianze na zile zenye watazamaji wengi tangu zitoke. Za zamani zitaongoza kwa umri tu. Linganisha kila video kwa siku zake 28 za mwanzo, kisha zigawe kwa mada na uchukue namba ya watazamaji iliyo katikati katika kila mada ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa, maana video moja iliyosambaa ghafla hudanganya.

Mada mbili au tatu za juu zipe wiki 10. Wiki tatu zilizobaki ni za majaribio, na kila jaribio libadilishe kitu kimoja: pilau ileile wanayoipenda, ila kwa jiko la mkaa. Ukifupisha na video pia, hutajua kipi kimeleta watu. Kabla ya kurekodi, andika namba ya kufaulu. Mimi hutumia ile ya katikati ya mada husika.

Jaribio lisiangukie Ramadhani, mapishi ya futari yanapotafutwa sana. Mwezi huo hutangulia siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo usinakili tarehe za mwaka jana.